Arafa ya Ijumaa Jioni

Miaka kadhaa iliyopita, katika shule moja ya Makueni ambayo sitaitaja jina, mwalimu mmoja wa kike alirejea kutoka darasani saa nne ya asubuhi, akakuta juu ya meza yake, kati ya madaftari ya wanafunzi ambayo alikuwa hajayasahihisha, kipande kizima cha sabuni ya kuogea na kichupa cha marashi ya kwapani, vyote viwili vimefungwa ndani ya karatasi ya gazeti pasina jina la aliyeviweka. Sisi tuliokuwamo chumbani tuliinamisha vichwa, kila mmoja akijifanya ana shughuli, na huko kuinama kwetu sote kwa pamoja ndiko kulikompa habari kamili, kwani alifahamu papo hapo kwamba jambo lake lilikuwa limezungumzwa, tena limezungumzwa na wengi, tena kwa siku nyingi. Aliyekitia kile kifurushi pale mezani yamkini alidhani kwamba amemsitiri mwenzake kwa kutojitaja, ilhali aliyesitirika ni yeye mtiaji peke yake. Mwalimu yule alivifungia vitu vile katika mtoto wa meza, akasomesha hadi jioni, na muhula ulipokwisha akaomba uhamisho. Mimi nilikuwa nakaa meza ya pili kutoka kwake. Nilikuwa nimeisikia ile harufu kwa muda wa mwezi mzima, na nilikuwa sijamwambia neno.

Majuto hayo ndiyo yaliyonifunza kazi ninayotaka kuieleza leo, nayo ni kazi ya kuandika maneno machache mno. Miaka ilipita, nikahamishiwa upande wa kusini wa Kitui, katika nchi ile kavu inayopitiwa na barabara itokayo Kibwezi kwenda Mutomo, na hapo akaja kwetu kijana mmoja mwalimu, mzaliwa wa vilima vya Mbooni, mpole, mwenye bidii, ambaye shati lake lilikuwa limepigwa pasi kila asubuhi. Katika wiki yake ya tano nikaanza kusikia harufu ya jasho kali, chachu, kila alipoketi karibu nami; na kwa kuwa safari hii nilikuwa nimeazimia kwamba sitanyamaza, wala sitamwachia mtu mwingine atie kifurushi mezani, niliona wajibu wangu wa kwanza ni kuhakikisha nimesikia nini hasa kabla ya kunena.

Nikachunguza kwa siku nne bila kumwonyesha kitu. Asubuhi alipoingia hakuwa na harufu yoyote. Ilipofika saa nne, jua limekwisha kupanda na yeye ametoka kusomesha chini ya bati, harufu ilikuja ghafla na kwa nguvu. Siku ya Jumatano, ambayo ndiyo siku ya michezo, alivaa fulana kuukuu ya pamba, akakimbia na watoto uwanjani mpaka akalowa, na nilipokaa naye baadaye sikusikia ila jasho jipya, ambalo kwa hakika halina harufu ya kumwudhi mtu. Alhamisi alirudi katika shati lake la buluu, la kitambaa cha nailoni kisichokunjika, na ilipofika saa nne mambo yakawa kama juzi yake. Basi hapo nikajua kwamba harufu ile haikuwa ya mwili wake. Ilikuwa imekaa ndani ya shati, ikilala kitambaa kilipokuwa baridi na kuamka kilipopata joto.

Inafaa nieleze jinsi jambo hili linavyotokea, kwa sababu asiyelijua ataandika ujumbe wa kumtuhumu mwenzake uvivu. Jasho linapotoka katika ngozi karibu halina harufu. Ni vijidudu vinavyokaa kwapani ambavyo huyala mafuta na chembe nyingine zinazotolewa na tezi za mahali pale, vikaacha masalio yenye harufu kali. Pamba hunywa maji ya jasho, ikayaachia tena ikifuliwa, bali vitambaa vile vya kiwandani visivyonywa maji huyashika mafuta kwa uthabiti, na mafuta hayo yakibaki, vijidudu navyo hubaki na chakula chao. Sasa, kijana huyu alikuwa ametoka Mbooni, ambako chemchemi ni baridi na sabuni hutoa povu kwa kusuguliwa mara mbili, akaja kuishi mahali ambapo visima vingi vilivyochimbwa kwa mitambo vina maji ya chumvi na chokaa. Maji ya namna hiyo, ambayo vitabu vya sayansi huyaita maji magumu, hayaelewani na sabuni: chokaa huikamata sabuni kabla haijakamata uchafu, na badala ya povu hutokea utando wa kijivu unaoelea karaini, kisha ukajipaka juu ya nguo na kuyafungia humo mafuta ya jasho. Mtu hufua kwa bidii, huanika, hupiga pasi, na shati huonekana safi. Lakini ukiliinamia kwapa lake wakati pasi ingali ya moto utaisikia harufu imepanda na mvuke. Na kama anasuuza mara moja badala ya mbili, tusimlaumu, kwa maana mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla mvua za Novemba hazijashuka, maji katika nchi yetu huchotwa katika mashimo yaliyochimbwa kwenye mchanga wa mito iliyokauka, yakaletwa na punda, na mtungi wa lita 20 hununuliwa kwa fedha ambazo mwalimu mgeni anazihesabu.

Kwa nini, basi, mwenyewe asijue? Kwa sababu pua ya mwanadamu huizoea harufu inayodumu nayo, na baada ya dakika chache ikaacha kuipasha akili habari zake. Mwenye nyumba yenye mbuzi haisikii harufu ya mbuzi, ila mgeni wake huisikia mlangoni. Kwa hivyo mtu anayeambiwa hapokei ukumbusho wa jambo analolijua na kulipuuza. Hupokea habari mpya kabisa juu ya nafsi yake, na kwa mara moja hutambua kwamba wengine walikuwa nayo kabla yake. Hilo la pili ndilo linaloumiza, na ndilo ambalo mwandishi wa ujumbe anaweza kulipunguza.

Lugha yetu yenyewe inamtaka mwandishi awe mwangalifu. Kitenzi kunuka, akiambiwa mtu, ni tusi, ijapokuwa silabi moja tu yakitenga na kunukia, ambalo ni sifa. Na neno kikwapa aghalabu hutumiwa kwa dharau. Bali neno harufu ni la kadiri, halisifu wala halitukani, na ajabu ni kwamba jasho katika Kiswahili ni neno tukufu, ambalo husemwa juu ya haki ya mfanyakazi na chumo la halali. Anayesema nimesikia harufu ya jasho amesema ukweli wote bila kumvunjia mwenzake heshima, na zaidi ya hayo amejifanya yeye msikiaji kuwa ndiye mtendaji katika sentensi. Mwenzake hakutenda kosa lolote.

Nilipoketi kuandika kwa mara ya kwanza niliandika vibaya, nami nayaweka hapa maneno yale ili msomaji aone kasoro yake: “Samahani sana mwalimu, tafadhali usikasirike, sisi wenzako tumezungumza tukaona ni vyema tukwambie kwa nia njema kwamba ujitahidi kuoga vizuri na kufua nguo, maana watu wanalalamika.” Nilipoyasoma tena nafsi yangu ilisononeka. Ile samahani ndefu ilitangaza msiba kabla ya habari yenyewe. Ile sisi iligeuza chumba cha walimu kuwa baraza la hukumu lililoketi mwenyewe akiwa ghaibu. Kumwamuru aoge kulikuwa ni kudai kwamba haogi, jambo ambalo sikulijua, na ambalo, kwa yale niliyoyaona siku nne zile, halikuwa kweli. Na ile “watu wanalalamika” ingemfanya kila Jumatatu atazame nyuso zote akiuliza moyoni ni nani na nani. Nikayafuta yote.

Kulikuwa pia na suala la chombo. Ana kwa ana kuna fadhila zake, kwani sauti huweza kulainisha neno. Lakini uso wa mwenye kuambiwa hulazimika kujibu papo hapo, na kijana mbele ya aliyemzidi umri hutabasamu, akasema asante, hali ameungua ndani. Maandishi humpa faragha ya kukunja uso wake bila ya kuonwa na mtu. Hatari ya maandishi ni kwamba hudumu, na huonekana. Simu za siku hizi huonyesha mstari wa kwanza wa ujumbe juu ya kioo hata kikiwa kimefungwa, nayo simu ya mwalimu aghalabu iko mezani, imeelekea juu, au mkononi mwa mtoto nyumbani. Halafu kuna makundi ya WhatsApp: la walimu wote, la idara, la chama cha akiba; kidole kikiteleza, neno la faragha humwagika hadharani, na ukilifuta kwa wote hubaki alama kwamba palikuwa na ujumbe uliofutwa, na wenye kuuwahi wamekwisha kuuona. Kwa hiyo nilichagua arafa ya kawaida, yenye kwenda kwa nambari moja tu, nikaigawa mara mbili. Ya kwanza haikuwa na siri yoyote: “Mwalimu, hujambo? Ukiwa peke yako nina neno dogo la kukwambia, si la kazi.”

Akanijibu kwamba alikuwa peke yake, chumbani kwake. Ndipo nikapeleka ya pili:

“Wiki hii nimesikia harufu ya jasho kwenye shati lako mchana. Mtu mwenyewe haisikii, na ningekuwa mimi ningependa niambiwe. Sijamwambia mtu. Huna haja ya kujibu.”

Maneno haya ni herufi 160 pamoja na nafasi na alama zake, yaani kadiri ya arafa moja isiyokatika vipande viwili, nami nilitumia karibu saa nzima kuyapata. “Wiki hii” ni mpaka: haikusema tangu ulipokuja. “Kwenye shati lako” imeiweka harufu mahali inapoweza kuvuliwa na kuanikwa, na nilikuwa na haki ya kuiweka hapo kwa kuwa ndipo nilipoikuta. Kama ningekuwa sina hakika ningesema “nilipokaa karibu nawe” na kuishia hapo. “Mchana” ni msaada kwake, ili asijinuse asubuhi, asisikie kitu, akaona nimemzulia. “Sijamwambia mtu” lazima iwe kweli. Mtu aliyekwisha kunong’ona na wenzake hana ruhusa ya kuiandika, na bora amwachie kazi hii mwingine. Sikutia dawa wala shauri ndani yake, kwa sababu shauri lisiloombwa katika jambo kama hili humwambia mtu kwamba hana akili ya kufikia kwenye karai la kufulia.

Nilipeleka siku ya Ijumaa, saa kumi na mbili za jioni, baada ya watu kutawanyika. Habari kama hii ikimfikia mtu saa mbili asubuhi, atakaa ndani ya shati lile lile hadi jioni, akibana mikono ubavuni, asithubutu kuinua mkono ubaoni mbele ya watoto arobaini. Ijumaa jioni ana siku mbili mbele yake za kutafuta maji, kufua, kukasirika na kutulia. Na nilipeleka mimi kwa kuwa tulikuwa sawa kwa cheo, sote wanaume, nami ndiye niliyekaa karibu naye kuliko wote. Mwalimu mkuu angeweza kuandika maneno hayo hayo, lakini neno la mkubwa husomwa kama onyo, na msomaji hujiuliza iwapo limeingia katika faili lake. Ikiwa hapana budi mkubwa aseme, na aseme kwa mdomo, mlango ukiwa umefungwa, bila kuandika popote. Ibara ya 28 ya Katiba yetu ya 2010 inampa kila mtu utu wake na haki ya utu huo kuheshimiwa, wala haikumtoa mfanyakazi mwenye shati la nailoni.

Katika kuyatafakari haya nilikumbuka habari inayojulikana sana na Waislamu, iliyopokewa kutoka kwa Bi Aisha, kwamba watu wa viunga vya Madina walikuwa wakija kwa sala ya Ijumaa kutoka makwao wamejaa vumbi na jasho, na mmoja wao akamwendea Mtume nyumbani kwake Bi Aisha, naye akamwambia neno fupi mno, kwa namna ya kutamani, kwamba laiti wangejisafisha kwa ajili ya siku yao hiyo. Hakulisema pale mbele ya safu za wenye kusali, wala hakuwataja kwa aibu. Hata mmoja aliyekuwa mbele yake alisemeshwa kwa wingi, ili asihisi kwamba ni yeye peke yake. Watu wale walikuwa wametoka kazini na njiani, kama watu wetu wanaotembea kutoka mabondeni Ikutha.

Yako mambo mawili ambayo ujumbe wa aina hii hauyafai. Harufu ikibadilika ghafla kwa mtu ambaye hakuwa nayo, ikawa ni ya utamu kama matunda yaliyoiva kupita kiasi katika pumzi yake, naye anakunywa maji mengi na kukonda, huenda ikawa ni kisukari, na neno la kumpa ni aende zahanati leo, si kesho. Na mwanamke aliyejifungua kwa uchungu wa muda mrefu, kisha akarejea kazini na harufu ya mkojo isiyokwisha, huenda ana nasuri, yaani tundu lililotokea kati ya kibofu na njia ya uzazi, ambalo sabuni zote za dunia haziliwezi, bali upasuaji hulitibu. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ni miongoni mwa mahali unapofanywa. Huyo aambiwe na mwanamke mwenzake, wakiwa wamekaa wawili, tena aambiwe kwanza kwamba maradhi hayo yana jina na yana tiba. Wengi huyaficha kwa miaka wakidhani ni laana.

Kijana wangu wa Mbooni hakujibu Ijumaa ile, wala Jumamosi, nami nakiri kwamba sikulala vyema. Jumapili adhuhuri ikaja arafa yake: “Asante mwalimu. Nafua kila baada ya siku mbili. Maji ya huku hayatoi povu kabisa.” Kwa kuwa sasa yeye mwenyewe ndiye aliyeufungua mlango wa shauri, nilimweleza yale niliyofundishwa na mama mwenye nyumba yangu nilipohamia: shati ligeuzwe ndani nje, makwapa yalowekwe kwa nusu saa katika siki iliyochanganywa na maji, kikombe kimoja kwa vikombe vinne, ili siki iuyeyushe ule utando wa chokaa; kisha lifuliwe kwa sabuni ya unga, ambayo huyastahimili maji magumu kuliko sabuni ya mche; kisha lisuuzwe mara ya mwisho kwa maji ya mvua au ya shimo la mtoni, na lianikwe bado limegeuzwa, jua liingie kwapani. Nilimwambia pia asimwage siki juu ya dawa ya kung’arisha nguo, kwani viwili hivyo vikikutana hutoa hewa yenye sumu. Kwa kuwa tangi langu la bati lilikuwa lingali na maji kidogo ya masika, nilimpelekea mtungi mmoja kwa punda wa jirani, nikamwambia alipe nauli ya punda tu, ili isiwe sadaka.

Jumatatu alikuja katika shati jeupe nisilolijua, akaketi mbali, karibu na mlango. Nilimsalimu kama nilivyomsalimu siku zote, nikamuuliza habari za nyumbani, na sikumwambia kwamba amependeza, wala kwamba hewa ni njema, kwa sababu sifa ya siku ile ingekuwa ni kumrudishia ile arafa mbele ya watu. Wiki ya pili bado alikaa karibu na mlango. Wiki ya tatu alikuja na shati la buluu, akavuta kiti chake cha zamani kando ya dirisha, ubavuni kwangu, na saa nne ilipogonga akanyoosha mkono wake kuvuka meza yangu, akaniomba chaki.